Seva ya leseni haifikiki na programu ya uhandisi haifunguki: urekebishe seva, uandike jina lake kwenye kompyuta yako, au uazime leseni?

Mhandisi aliye nje ya ofisi huwasha kompyuta mpakato, huunganisha VPN, hubofya programu yake ya usanifu, kisha badala ya mchoro hupata dirisha dogo lenye kosa `-15` au `-96` linalosema kwamba seva ya leseni haikujibu. Huku mwenzake aliyebaki ofisini anaifungua programu hiyohiyo bila tatizo, kwa hiyo seva iko hai. Mtu wa namna hii huwa na njia tatu mbele yake: kumwomba msimamizi arekebishe seva, kuandika jina la seva kwa mkono kwenye kompyuta yake mwenyewe, au kuazima leseni ili asiihitaji seva kabisa kwa siku kadhaa. Makala haya yanazilinganisha njia hizo kwa mfumo wa FlexNet, ambao wengi bado huuita kwa jina lake la zamani, FLEXlm, na ambao programu nyingi za uhandisi huutumia kugawa leseni za pamoja.

## Kwanza, milango ni miwili

Ulinganisho huu hauwezi kueleweka bila jambo moja ambalo ujumbe wa kosa haulisemi. Programu haifanyi muunganisho mmoja na seva, hufanya miwili. Kwanza hubisha kwa msimamizi wa leseni, programu iitwayo `lmgrd`, kwenye poti ambayo kwa kawaida ni mojawapo ya zile za kuanzia 27000 hadi 27009. Huyo hatoi leseni. Kazi yake ni kumwelekeza mgeni kwa wakala wa mtengenezaji wa programu, ambaye ni programu ya pili inayoendeshwa kwenye mashine ileile lakini kwa poti nyingine, na wakala huyo ndiye mwenye leseni zenyewe.

Maelekezo hayo hutolewa kwa jina la mashine kama lilivyoandikwa kwenye faili la leseni, si kwa anwani ambayo mgeni aliitumia kuja. Poti ya wakala nayo, isipokuwa imepangwa, huchaguliwa na mfumo wa uendeshaji kila seva inapoanza, na leo inaweza kuwa 49731, kesho nyingine. Kwa hiyo mtu anaweza kufika mlango wa kwanza bila shida na bado akakwama kwenye wa pili, kwa sababu ya jina au kwa sababu ya poti.

Tuchukue kisa kimoja tutakachokirudia. Faili la leseni kwenye seva lina mistari hii:

```
SERVER leseni01 0050569A1B2C 27000
VENDOR demo
```

Mhandisi, kwa kudhani kwamba anwani ya IP ni salama kuliko jina, ameweka kigeu cha mazingira `LM_LICENSE_FILE` kuwa `27000@10.20.4.15`. Ofisini kila kitu kinafanya kazi. Akiwa kwenye VPN anapata kosa `-96`, na chini yake nambari 11001, ambayo kwenye Windows maana yake ni kwamba jina la mashine halikupatikana. Anashangaa, kwani hakuandika jina lolote. Anajaribu poti kwenye PowerShell:

```
Test-NetConnection 10.20.4.15 -Port 27000
```

Jibu ni `TcpTestSucceeded : True`. Mlango wa kwanza uko wazi. Kisha anaandika `ping leseni01`, na kompyuta inasema haimjui mwenye jina hilo. Hapo ndipo penye kasoro: `lmgrd` amemwambia "nenda kwa `leseni01`", na kompyuta yake, ambayo kwenye VPN haipewi kiambishi cha jina la mtandao wa ofisi, haijui `leseni01` ni nani. Ofisini jina fupi lilitosha kwa sababu kompyuta ililikamilisha kwa kiambishi hicho na DNS ya ndani ikalitambua.

Nambari hizo za Windows ni dalili nzuri kuliko nambari ya FlexNet iliyo juu yake. 11001 huelekeza kwenye jina. 10061 husema mashine ilifikiwa ila hakuna aliyekuwa akisikiliza kwenye poti hiyo, yaani aghalabu `lmgrd` haijaanzishwa au nambari ya poti imekosewa. 10060 husema muunganisho ulisubiri hadi muda ukaisha, na hapo mtuhumiwa wa kwanza ni faiwoli iliyomeza ombi bila kujibu. Kosa `-97` liko peke yake: `lmgrd` amejibu, lakini wakala wa mtengenezaji hayuko kazini, na hakuna lolote la kufanya upande wa mhandisi. Jambo la kujihadhari ni kutumia `ping` kama hukumu ya mwisho. Ikishindwa kulitambua jina, hilo ni neno la maana; lakini ikilitambua jina kisha isipate jibu, haithibitishi chochote, maana mitandao mingi huzuia `ping` na kuruhusu poti.

## Vigezo vya kulinganishia

Kila njia itapimwa kwa maswali manne. La kwanza ni mlango upi inaufungua, wa kwanza, wa pili kwa upande wa jina, au wa pili kwa upande wa poti. La pili ni nani mwenye mamlaka ya kuifanya, kwa sababu ushauri mzuri usiotekelezeka saa tatu usiku haumsaidii aliyekwama. La tatu ni namna inavyoharibika baadaye, na kama uharibifu huo utajulikana. La nne ni gharama inayowaangukia watumiaji wengine wa leseni zilezile. Sikuweka wepesi kuwa kigezo, kwani njia zote tatu ni kazi ya dakika chache kwa mwenye ruhusa, na ni ngumu sana kwa asiye nayo.

## Njia ya kwanza: kurekebisha seva

Inachofungua. Njia hii ndiyo pekee inayoweza kuondoa kasoro zote mbili za mlango wa pili kwa watu wote. Msimamizi huandika jina kamili la mashine badala ya jina fupi, na humpangia wakala poti isiyobadilika:

```
SERVER leseni01.ofisi.lan 0050569A1B2C 27000
VENDOR demo port=27010
```

Wengi huogopa kugusa faili hili wakidhani leseni itabatilika. Kinacholindwa na sahihi ya mtengenezaji ni kitambulisho cha mashine, yaani ile nambari ndefu iliyo katikati ya mstari wa kwanza, pamoja na maelezo ya leseni zenyewe. Jina la mashine na nambari za poti huruhusiwa kubadilishwa na mwenye seva. Baada ya hapo faiwoli ya seva na ile ya VPN hufunguliwa kwa poti mbili, 27000 na 27010. Kosa la kawaida ni kufungua moja tu, ambalo huacha dalili ileile ya awali na kumfanya msimamizi aamini kwamba tatizo halikuwa poti.

Mwenye mamlaka. Ni msimamizi wa seva, na mara nyingi mtu wa pili anayesimamia faiwoli, ambao si lazima wawe idara moja. Mhandisi anaweza kuharakisha kazi kwa kuwapelekea ushahidi badala ya malalamiko: matokeo ya `Test-NetConnection`, nambari ya Windows iliyo chini ya kosa, na ombi kwamba wasome kwenye faili la kumbukumbu la `lmgrd` mstari unaofanana na huu, unaotaja poti ambayo wakala alichukua:

```
(lmgrd) Started demo (internet tcp_port 49731 pid 2216)
```

Mstari huo ukionyesha nambari tofauti kila seva inapoanzishwa, hakuna faiwoli yenye kanuni za kudumu itakayoweza kuufuata.

Inavyoharibika. Kwa nadra. Lakini mabadiliko yenyewe yana masharti. Amri ya `lmreread`, ambayo husoma upya faili la leseni bila kusimamisha huduma, haibadilishi jina la seva wala poti; lazima huduma izimwe na kuanzishwa upya. Poti ya kudumu nayo ina tabia ya kuchelewesha kuanza huko: wakala huenda asiweze kuishika tena poti yake mpaka miunganisho ya zamani iwe imefungwa kabisa. Msimamizi asiyejua hili huona wakala ameshindwa kuanza, hudhani ameandika vibaya, na kuanza kufuta alichokirekebisha sawasawa.

Gharama kwa wengine. Ni usumbufu mfupi kwa kila aliye kazini wakati huo, kwa hiyo hufanywa nje ya saa za kazi. Na kuna kizuizi kinachoigusa njia ya tatu: ikiwa kuna leseni zilizoazimwa, amri ya kuzima, `lmdown`, hukataa mpaka iongezewe `-force`.

Inamfaa aliye na watumiaji wengi wa mbali, au yeyote anayeona tatizo likirudi kila seva inapoanzishwa upya. Haimfai anayehitaji kufungua mchoro ndani ya saa moja na msimamizi hapatikani.

## Njia ya pili: kuandika jina kwenye kompyuta yako

Inachofungua. Inafungua jina tu. Mhandisi huongeza mstari mmoja kwenye faili la `hosts`, ambalo kwenye Windows liko `C:\Windows\System32\drivers\etc\hosts` na kwenye Linux liko `/etc/hosts`:

```
10.20.4.15   leseni01
```

Tangu hapo, `lmgrd` akimwelekeza kwa `leseni01`, kompyuta inajua pa kwenda. Jina lazima liwe lilelile lililo kwenye mstari wa `SERVER`. Ikiwa seva imeandikwa kwa jina kamili, jina fupi kwenye `hosts` halitasaidia, na kinyume chake. Ukitaka kuhakikisha, tumia `ping leseni01` na utazame kama anwani imetokea. Usitumie `nslookup`, kwa sababu amri hiyo huiuliza DNS moja kwa moja na hailisomi faili la `hosts`. Nimeona watu wakifuta mstari uliokuwa sahihi kwa kuwa `nslookup` iliendelea kusema jina halipo.

Katika kisa chetu, mstari huu uliondoa 11001, programu ikasita kwa sekunde kadhaa, kisha ikaleta 10060. Haya yalikuwa maendeleo, ingawa mhandisi aliyaona kama kushindwa: jina lilikuwa limepatikana, na sasa ombi lilikuwa linafika kwenye faiwoli ya VPN, iliyoruhusu 27000 na kuzuia poti ya bahati nasibu ya wakala. Kutoka hapo njia ya pili haikuwa na la kuongeza.

Mwenye mamlaka. Yeyote mwenye haki za msimamizi kwenye kompyuta yake. Katika ofisi ambazo haki hizo huondolewa, njia hii haipo.

Inavyoharibika. Huu ndio udhaifu wake mkubwa. Mstari wa `hosts` haupitwi na wakati wala hautoi onyo. Seva ikihamishiwa anwani nyingine baada ya miezi 6, wote watahamia kimyakimya isipokuwa aliyeandika mstari, naye atakuwa amesahau. Wakati huo atakuwa ofisini, karibu na seva, akishangaa kwa nini yeye peke yake haingii. Inafaa kuandika tarehe na sababu kwenye mstari wa juu yake, ukianza na alama ya `#`.

Gharama kwa wengine. Hakuna.

Inamfaa mtu mmoja au wawili, kwa muda mfupi, pale ambapo 11001 imeonekana na poti ya wakala tayari imepangwa na kufunguliwa. Mahali ambapo mtandao wa VPN unaweza kugawa kiambishi cha jina kwa kila anayeunganishwa, hiyo ni tiba bora ya kasoro ileile, ila hurudi kwenye mikono ya msimamizi.

## Njia ya tatu: kuazima leseni

Inachofungua. Haifungui mlango wowote. Inakuwezesha kuondoka bila kuuhitaji. Leseni moja hutolewa kwenye hesabu ya seva na kufungwa kwenye kompyuta yako hadi tarehe uliyoitaja, na katika muda huo programu hufunguka hata bila mtandao. Programu nyingi zina menyu yake ya kuazima, na zisizo nayo hutumia amri:

```
lmutil lmborrow demo 30-jun-2026 17:00
```

Amri hii yenyewe haijaazima kitu. Inatangaza nia tu; leseni huazimwa unapofungua programu siku hiyohiyo, ukiwa bado umeunganishwa na seva. Kinachoazimwa ni kila kipengele kitakachochukuliwa wakati huo, na hapa ndipo safari nyingi huharibika: mhandisi hufungua programu, huona dirisha kuu limetokea, huridhika na kufunga. Akifika kwenye eneo la ujenzi, michoro inafunguka lakini moduli ya uchambuzi inadai leseni yake, kwa sababu hakuigusa siku ile. Fungua kila moduli utakayoihitaji, kisha ondoa mtandao kabisa na ujaribu tena ukiwa bado ofisini. Orodha ya vilivyoazimwa hutolewa na:

```
lmutil lmborrow -status
```

Mwenye mamlaka. Mhandisi mwenyewe, lakini ndani ya mipaka miwili. Mtengenezaji lazima awe ameweka neno `BORROW` kwenye leseni. Lisipokuwepo, hakuna kuazima. Neno hilo likiwepo bila nambari, muda wa juu kabisa ni saa 168, yaani siku 7. Msimamizi anaweza kuupunguza muda huo kwenye faili lake la chaguo, lakini hawezi kuurefusha kupita alichoruhusu mtengenezaji. Anayekwenda kazini kwa siku 10 akiwa na leseni ya siku 7 atapoteza siku 3 za mwisho, na ni vizuri alijue hilo kabla ya kufunga begi.

Inavyoharibika. Kwa tarehe, jambo ambalo ni la haki, na kwa saa ya kompyuta, jambo linaloshangaza: kurudisha saa nyuma ili kuongeza muda kunaweza kugunduliwa na kuikatisha leseni. Kuirudisha mapema kunahitaji kuifikia seva tena, kwa hiyo aliyeazima kwa sababu ya mtandao mbovu hawezi kurudisha kwa mtandao uleule. Kompyuta ikiibwa au ikifa, nafasi hiyo hubaki imeshikwa hadi tarehe ya mwisho, na amri ya `lmremove`, inayomwondoa mtumiaji wa kawaida, haiigusi leseni iliyoazimwa.

Gharama kwa wengine. Ni kubwa kuliko za njia nyingine. Ofisi yenye leseni 5 ambayo wahandisi 3 wameazima inabaki na 2 kwa wote waliosalia, hata kama wale 3 wamelala. Wa tatu ofisini atapata kosa `-4`, linalosema idadi imefikia kikomo, naye huenda akadhani seva ndiyo mbovu. Kwenye orodha ya `lmstat -a`, leseni zilizoazimwa hutambulika kwa neno `linger` lililo kando ya jina la mtumiaji. Msimamizi anaweza kuweka akiba isiyoazimika na muda mfupi wa kuazima:

```
BORROW_LOWWATER f1 2
MAX_BORROW_HOURS f1 120
```

Mistari hiyo inasema leseni 2 za kipengele `f1` zisitoke kamwe, na zitokazo zisipite saa 120.

Inamfaa anayejua tarehe ya kuondoka na ya kurudi, na anayekwenda mahali ambapo mtandao hauaminiki. Haimsaidii aliyekwisha kukwama. Hili linasahaulika mara nyingi kiasi kwamba linafaa kusemwa waziwazi: ukiona kosa la seva kutofikika ukiwa njiani, muda wa kuazima umepita.

## Uchague vipi kulingana na hali yako

Ikiwa uko njiani sasa, programu haifunguki na unaona 11001, jaribu `hosts` kama una haki za kuandika. Kosa likibadilika kuwa 10060, acha kuhangaika na kompyuta yako na umpelekee msimamizi nambari zote mbili, ile ya kwanza na iliyofuata, kwa sababu zikiwa pamoja zinamwambia kwamba jina na poti vyote vina kasoro.

Ikiwa unaona 10061 tangu mwanzo, hakikisha kwanza nambari ya poti na jina ulivyoandika kwenye `LM_LICENSE_FILE` au kwenye kigeu cha mtengenezaji wako, kwani kigeu cha zamani kilichoachwa na programu nyingine huweza kukupeleka kwenye seva iliyostaafu. Vikiwa sahihi, anayehitajika ni mtu wa kuianzisha `lmgrd`.

Ikiwa programu ilifunguka jana kwa VPN na leo imekataa, na hakuna mtu aliyebadilisha kitu isipokuwa seva kuwashwa upya usiku, aghalabu poti ya wakala imebadilika. Njia ya kwanza ndiyo inayofaa, na kuazima kungekuwa kuwanyima wenzako nafasi kwa kosa la mstari mmoja.

Ikiwa unaondoka kwa siku 5 kwenda mahali pasipo mtandao, azima, hata kama seva yako haina kasoro yoyote. Ukijua kwamba msimamizi amepanga kurekebisha poti wiki hiyohiyo, mwambie umeazima nini na hadi lini kabla hajaandika `lmdown`.

Ikiwa wewe ndiye msimamizi mwenyewe, na una watu wa mbali pamoja na watu wa maeneo ya ujenzi, utahitaji njia ya kwanza na ya tatu kwa pamoja. Panga poti na jina kwanza, usiku mmoja ambao hakuna aliyeazima, kisha ndipo uruhusu kuazima ukiwa umeweka akiba. Ukifuata mpangilio wa kinyume, utalazimika kusubiri hadi leseni ya mwisho iliyo nje irudi, au kuzima kwa nguvu.